Asilimia 34 Zimetoka Wapi?

Tuchukue tasnifu moja ya uzamili katika isimu ya Kiswahili, yenye maneno 15,000. Nimeibuni kwa ajili ya makala haya, ila yeyote aliyewahi kusimamia wanafunzi ataitambua. Mwanafunzi ameipakia kwenye Turnitin wiki ya mwisho kabla ya kuwasilisha, na ripoti imerudi na rangi ya njano: mfanano wa asilimia 34. Chuo chake kinataka usizidi 20. Usiku huohuo anaanza kubadilisha maneno, sentensi baada ya sentensi, kuanzia ukurasa wa kwanza.

Natamani angesubiri kidogo. Kabla ya kugusa hata neno moja, alipaswa kujua hizo 34 zimekaa sehemu gani za kazi yake, kwa sababu sehemu kubwa ya asilimia hizo haitokani na kosa lolote, na sehemu ndogo iliyobaki ni nzito kuliko anavyodhani.

Mashine yenyewe haina siri kubwa. Inaikata kazi katika mifuatano mifupi ya maneno, kisha inatafuta mifuatano hiyohiyo kwenye ghala lake, ambamo kuna kurasa za mtandao, makala za majarida na kazi za wanafunzi zilizowahi kupakiwa. Kila panapolingana inapaka rangi na kuandika namba ya chanzo. Mwishoni inachukua maneno yote yaliyopakwa rangi na kuyagawa kwa maneno ya kazi nzima. Katika tasnifu yetu maneno 5,100 yamepakwa rangi, na 5,100 kwa 15,000 ni asilimia 34. Mashine haiulizi kama maneno hayo yana mwenyewe aliyetajwa, wala kama kulikuwa na namna nyingine ya kuyasema. Inalinganisha maandishi tu.

Sasa tuifungue ripoti hadi kurasa za mwisho, kwenye marejeleo. Hapo rangi zimejaa kila mstari. Katika maneno 2,250 ya orodha hiyo, 1,950 yamelingana na kazi nyingine. Hiyo peke yake ni asilimia 13, zaidi ya theluthi ya alama yote. Sababu yake inaonekana ukitazama ingizo moja tu:

TUKI (2004). Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Nairobi: Oxford University Press.

Kamusi hiyo imo katika tasnifu nyingi mno za isimu ya Kiswahili, na mtindo wa marejeleo unataka kila mwandishi aiandike vilevile: mwandishi, mwaka, kichwa, mji, mchapishaji. Mwanafunzi akithubutu kubadilisha kichwa cha kitabu ili asifanane na wenzake, atakuwa ameharibu marejeleo. Kwa hiyo kadiri anavyokuwa mwangalifu katika kuandika vyanzo, na kadiri anavyosoma vitabu vinavyosomwa na wengi katika uwanja wake, ndivyo orodha inavyozidi kupandisha alama. Mwenzake aliyesoma vitabu vitano tu na kuviandika ovyo atapata alama nafuu zaidi.

Ndiyo maana orodha ya marejeleo inaweza kuondolewa kwenye hesabu karibu kila mara. Turnitin ina kichujio chake, kinachoonekana kwenye skrini kama Exclude Bibliography. Shida ni jinsi kichujio kinavyojua orodha inaanzia wapi. Kinategemea sana kichwa kinachosimama peke yake kwenye mstari wake, kama References, Bibliography au Works Cited. Kwa tasnifu ya Kiswahili yenye kichwa MAREJELEO, usichukulie kwamba kimeelewa kwa kuwa umebonyeza kitufe. Nenda kwenye kurasa za mwisho ukatazame. Kama orodha bado ina rangi, haijaondolewa, na itabidi uitoe kwa hesabu ya mkono.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani upesi. Kuna tasnifu ambazo kila sura ina marejeleo yake mwishoni. Mashine ikikutana na kichwa hicho katikati ya kazi, huweza kuhesabu kila kinachofuata kuwa ni orodha na kuacha kukikagua. Sura nzima inapita bila kuguswa, na alama inashuka kwa namna inayomfurahisha kila mtu. Ukiona kazi ndefu ambayo kuanzia mahali fulani haina rangi hata moja, rudi nyuma ukatazame rangi ilikatikia chini ya kichwa gani.

Nukuu nazo zina hesabu yake. Tasnifu yetu ina maneno 600 ya nukuu yaliyopakwa rangi, sawa na asilimia 4. Nukuu kwa asili yake lazima ifanane na chanzo. Isipofanana ni nukuu mbovu. Anayechambua riwaya au ushairi atakuwa na nukuu nyingi kuliko anayechambua takwimu za mahudhurio shuleni, na hakuna haki katika kuwapima wawili hao kwa alama moja isiyochujwa.

Kichujio cha nukuu, Exclude Quotes, kinafuata alama za kufungua na kufunga semi. Kinatambua alama mbilimbili, yaani “ ”, lakini alama mojamoja hakizihesabu kuwa ni nukuu. Hili linawaumiza wanaisimu hasa, kwa kuwa wengi wamezoea alama mojamoja. Nukuu ndefu zisizo na alama, zile zinazoingizwa ndani ya pambizo kama aya ya peke yake, zinaweza kutambuliwa faili likiwa la Word, lakini likigeuzwa kuwa PDF usitegemee hilo. Mwanafunzi mwaminifu anaweza basi kuwa na nukuu zilizotajwa vizuri, kila moja na mwandishi, mwaka na ukurasa, na bado zote zikahesabiwa dhidi yake.

Lakini kichujio hakimtafuti mwenye maneno. Kinaona alama za semi, kinaondoa kilichomo ndani, basi. Katika maneno yetu 600, kuna nukuu moja ya maneno 80 katika sura ya pili yenye alama za semi bila jina la mtu yeyote. Mashine imeiondoa pamoja na zile nzuri. Msimamizi akitazama alama mpya peke yake hataiona kamwe. Kwa hiyo nukuu huondolewa kwa masharti: iwe ndani ya alama au pambizo, mwenyewe atajwe hapohapo, na chanzo hicho kionekane kwenye marejeleo. Hiyo ya maneno 80 inarudi kwenye hesabu hadi ipate mwenyewe. Tukiitoa hiyo, nukuu halali ni maneno 520.

Kurasa za mwanzo hazina mjadala. Ithibati, ikirari na hakimiliki zimeandikwa na chuo chenyewe, na mwanafunzi anajaza jina, saini na tarehe. Maneno 300 yamepakwa rangi humo, asilimia 2. Tuyaondoe tuendelee.

Sura ya tatu, ya mbinu za utafiti, ndiyo inayohitaji macho ya mtu. Maneno 1,050 yamepakwa rangi humo, sawa na asilimia 7. Baadhi ni sentensi za namna hii: “Data zilikusanywa kwa mbinu ya usaili, hojaji na ushuhudiaji.” Au: “Watafitiwa waliteuliwa kwa usampulishaji lengwa.” Au hii ya wanaotumia takwimu: “Data zilichanganuliwa kwa programu ya SPSS, na kiwango cha maana kilikuwa p < 0.05.” Sentensi hizi zimeandikwa na watu wengi mno, tena bila kunakiliana, kwa kuwa kila neno zito ndani yake ni istilahi. Ukiwaambia watafiti kumi waliotumia usaili na hojaji waeleze walichofanya kwa sentensi moja, wengi wataandika karibu sentensi ileile.

Yule mwanafunzi anayefanya kazi usiku anafika hapa na kuanza kutafuta visawe. “Usampulishaji nasibu” anaugeuza “uchaguzi wa kubahatisha”. “Hojaji” inakuwa “karatasi za maswali”. Rangi inapungua, ila sasa mtahini haelewi kama watafitiwa walipigiwa kura kwa utaratibu unaompa kila mmoja nafasi sawa, au kama mtafiti aliwaokota waliopita njiani. Hizo ni mbinu mbili tofauti, na hitimisho lote la tasnifu linategemea ilitumika ipi. Katika sayansi za maabara hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu anayebadilisha maelezo ya hatua za kipimo ili asifanane anaweza kumfanya msomaji arudie kipimo kingine kabisa. Istilahi na hatua zilizokubalika hazifai kubadilishwa ili kuipendeza mashine.

Wanaosimamia maadili ya utafiti wamelikubali hilo zamani. Nchini Marekani, ofisi ya serikali inayoshughulikia uadilifu wa utafiti, inayojulikana kwa kifupi kama ORI, ilieleza katika sera yake ya mwaka 1994 kwamba kwa kawaida haifuatilii matumizi machache ya semi zinazofanana au zinazokaribia kufanana katika kueleza mbinu inayotumiwa na wengi, kwa kuwa hazimpotoshi msomaji kwa kiasi kikubwa. India, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki huenda kusoma, iliandika jambo hili kwenye kanuni. Tume yao ya vyuo vikuu, UGC, ilitoa kanuni mwaka 2018 zinazotaja vya kuondolewa katika ukaguzi: nukuu zilizotajwa mwenyewe au kuombewa ruhusa, marejeleo, yaliyomo, dibaji na shukrani, pamoja na istilahi za jumla, sheria, alama na fomula za kawaida. Zinaondoa pia maarifa ya wote na mfanano wa bahati usiozidi maneno 14 mfululizo. Baada ya hapo ndipo ngazi zinapoanza: hadi asilimia 10 hakuna adhabu, zaidi ya 10 hadi 40 mwanafunzi anarudishiwa kazi airekebishe, na zaidi ya 60 anafutiwa usajili. Napenda kanuni hiyo kwa sababu moja hasa: inasema kwanza nini kitolewe, ndipo inataja asilimia. Chuo kinachoandika “isizidi 20” bila kusema ni 20 ya kabla au ya baada ya kuchuja kinawaacha wasimamizi wake wawili wahukumu kazi moja kwa namna mbili.

Hata hivyo, ruhusa ya semi za mbinu haimaanishi ruhusa ya sura nzima ya mbinu. Programu ya iThenticate, inayotumiwa sana na majarida, inaweza kuondoa sehemu ya mbinu kwa mkupuo mmoja. Ukifanya hivyo kwa tasnifu yetu, asilimia 7 zinatoweka zote. Sasa tazama kilichomo humo. Katika maneno 1,050, sentensi za kawaida kama zile nilizotaja ni 400 tu. Maneno mengine 650 ni aya tatu zinazofuatana, zote za rangi moja na namba moja ya chanzo: tasnifu ya mwanafunzi mwingine aliyefanya utafiti wilaya hiyohiyo miaka michache kabla. Aya hizo zinaeleza eneo la utafiti, sababu za kulichagua, na jinsi watafitiwa walivyopatikana.

Hapo istilahi hazina sehemu kubwa. Sababu za kuchagua wilaya ni fikra za mtafiti. Namna alivyowapata watu wake ni jambo lililomtokea yeye. Na aliyenakili ameacha alama: aya zinasema watafitiwa walikuwa 120, lakini jedwali la sura ya nne lina watu 90. Mahali pengine wametajwa walimu wa kata ambayo haionekani tena popote kwenye data. Hivyo ndivyo mbinu zilizonakiliwa zinavyojifichua. Idadi hazioani na matokeo, kifaa kinatajwa ambacho hakikutumika, au toleo la programu ni la zamani kuliko utafiti wenyewe. Mtahini mzuri husoma sura ya tatu huku vidole viko kwenye sura ya nne.

Kipimo ninachokitumia ni cha kawaida. Jiulize kama sentensi hiyo ingeweza kuandikwa na mtafiti mwingine aliyetumia mbinu hiyo mahali pengine, bila kubadilisha kitu. Kama ndiyo, inaweza kuondolewa. Kama inahusu mahali, watu, siku au uamuzi wa utafiti huu, haiondoki. Anayerudia mbinu ndefu iliyoelezwa na mwingine, au hata na yeye mwenyewe katika makala ya awali, anataja chanzo kile na kueleza alichobadilisha.

Kuna kichujio kingine kinachotumika bila kufikiriwa, cha kuondoa vyanzo vidogo. Unaweza kuiambia mashine iache vyanzo vyenye maneno machache kuliko kiwango fulani, au vilivyo chini ya asilimia fulani. Wengi huchagua asilimia 1 kwa kuwa inasikika ndogo. Katika tasnifu ya maneno 15,000, asilimia 1 ni maneno 150, yaani aya nzima nene. Katika tasnifu ya uzamivu ya maneno 60,000 ni maneno 600, kurasa mbili hivi. Mtu angeweza kunakili chini ya kurasa mbili kutoka kila kitabu kati ya vitabu ishirini, na kila kimoja kikafutwa kwenye ripoti. Nukuu yetu ya maneno 80 isiyo na mwenyewe nayo ingepotea hapo. Ukitaka kupunguza vijineno vya bahati, weka kiwango kwa idadi ya maneno, 8 au 10, tena usome ripoti mara moja bila kichujio hicho kabla ya kuamua.

Sasa turudi kwenye 5,100. Tumetoa marejeleo 1,950, nukuu halali 520, kurasa za mwanzo 300 na semi za mbinu 400. Yamebaki 1,930. Kwa jumla ya maneno 15,000 hiyo ni karibu asilimia 13. Anayetaka kuwa mkali zaidi ataona kwamba si haki kuondoa mfanano wa marejeleo juu ya mstari huku ukiyaacha maneno yake chini ya mstari yapunguze alama. Basi tutoe 2,250 za orodha kwenye jumla: 1,930 kwa 12,750 ni asilimia 15. Kwa vyovyote ipo chini ya 20, na Turnitin itaipaka kijani, rangi inayobeba kila kitu kati ya 1 na 24.

Lakini kazi hii haiko tayari kuwasilishwa. Ndani ya hizo 1,930 kuna maneno 650 ya sura ya tatu, nukuu ya maneno 80, na katika sura ya pili kuna aya ndefu ya maneno 450 ya rangi moja, iliyotolewa kwenye makala moja bila alama wala jina. Yaliyobaki, 750, ni vipande vya maneno manane, tisa, kumi na moja, vyenye rangi tofauti vilivyotawanyika sura zote. Vipande hivyo visomwe, ila kwa kawaida ni lugha ya uwanja tu. Jicho lililozoea halihitaji hata kusoma ili kuvitofautisha, kwa kuwa mfanano wa bahati una rangi nyingi na vipande vifupi, na maandishi yaliyochukuliwa yana rangi moja inayoshuka mistari mingi bila kukatika.

Kwa hiyo mwanafunzi yule hakuwa na sababu ya kuhangaika na maneno 5,100. Alikuwa na sehemu tatu za kushughulikia, jumla maneno 1,180. Nukuu inahitaji mwandishi, mwaka na ukurasa, kazi ya dakika chache kama kitabu kipo. Aya ya sura ya pili inahitaji kusomwa upya, kitabu kifungwe, kisha hoja iandikwe kwa maneno yake na mwenye hoja atajwe. Au inukuliwe wazi pale inapostahili. Aya za sura ya tatu zinamtaka aseme yeye mwenyewe aliwapataje watu 90, na kama hawezi kusema, msimamizi ana swali kubwa zaidi la kumuuliza kuliko la mfanano.

Msimamizi naye asiambatishe kwenye faili ukurasa wenye alama ya mwisho peke yake. Aambatishe ripoti mbili, ya kabla na ya baada ya kuchuja, na karatasi moja inayosema vichujio gani viliwashwa, kiwango cha vyanzo vidogo kilikuwa maneno mangapi, nini kilitolewa kwa mkono na kwa nini. Aeleze pia kama rasimu ya awali iliwahi kuhifadhiwa kwenye ghala, kwa sababu kazi iliyohifadhiwa mara ya kwanza itafanana na nafsi yake mara ya pili, na alama itapanda hadi kwenye nyekundu bila mtu kunakili chochote. Kwa tasnifu yetu karatasi hiyo ingesomeka hivi: mfanano wote 34, marejeleo 13, yameondolewa baada ya kukaguliwa, nukuu halali 3.5, zimeondolewa, kurasa za chuo 2, zimeondolewa, semi za kawaida za mbinu 2.7, zimeondolewa kwa mkono, uliobaki 12.9, kati yake 7.9 umerudishwa kwa mwanafunzi kwa marekebisho, sura ya 2 na ya 3.